Nusu Mita Kati ya Mkono na Sikio

Picha ya noti ya muziki inayochapishwa kwenye boksi la saa janja imewatia hasara wakimbiaji wengi, kwa sababu picha hiyo moja hutumika kwa vitu viwili tofauti kabisa. Saa ya aina ya kwanza ni rimoti tu. Inakuonyesha jina la wimbo unaopigwa na simu, inakuruhusu kuruka wimbo, kuusimamisha au kupandisha sauti, lakini wimbo wenyewe uko kwenye simu. Zipo hata zenye spika ndogo inayoimba mkononi, na bado muziki huo unatoka kwenye simu iliyo mfukoni. Saa ya aina ya pili ina hifadhi yake. Nyimbo zimo ndani yake, na saa yenyewe huzirusha kwa Bluetooth hadi kwenye vipokea sauti vya masikioni, simu ikiwa imeachwa nyumbani au hata imezimwa.

Anayetaka kukimbia bila simu anahitaji hiyo ya pili, na njia ya kuitambua ni rahisi kuliko maelezo ya muuzaji. Mwambie azime Bluetooth ya simu yake palepale dukani, kisha aifanye saa icheze wimbo kwenye vipokea sauti. Kama saa haina mahali pa kuunganishia vipokea sauti, pale ambapo kwenye menyu huandikwa `Headphones`, basi ni rimoti, hata kama ina kioo kizuri na mkanda wa kupendeza. Saa zenye hifadhi si kitu kipya. Saa ya Apple iliweza kazi hii tangu toleo la kwanza la mwaka 2015, Garmin walianza na Forerunner 645 Music mwaka 2018, na Huawei Watch GT 2 ya mwaka 2019 ilikuwa na nafasi ya nyimbo kama 500. Maana yake ni kwamba saa iliyotumika, ya miaka minne au mitano iliyopita, inaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko saa mpya ya bei ndogo iliyopangwa mbele ya duka.

Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba simu haina nafasi kwenye mazoezi ya mbio. Simu za siku hizi zina uzito wa gramu 200 hivi, na uzito huo ukifungwa kwenye mkono mmoja au ukirukaruka kiunoni kwa kilomita kumi unabadilisha namna mtu anavyokimbia. Jasho linaingia kwenye tundu la chaja. Vibaka wa alfajiri wanaiona kutoka mbali. Na zaidi ya yote, simu inaita. Saa yenye nyimbo inakupa muziki bila hayo mengine, ilimradi mambo mawili yamekaa sawa: nyimbo ziwe kweli ndani ya saa, na mawimbi yaweze kuvuka ile nusu mita kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sikioni. La kwanza linaonekana gumu lakini ni jepesi. La pili linaonekana si kitu, na ndilo linalowafanya watu waitupe saa kwenye droo na kurudi kwenye simu.

Nianze na nyimbo. Kuna njia mbili za kuzifikisha kwenye saa: kukodi au kumiliki. Kukodi ni kupitia huduma kama Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Kwenye saa za Garmin, huduma hiyo haitakupa nyimbo za kusikiliza bila mtandao mpaka uwe mlipaji wa Premium. Saa inazipakua yenyewe kwa Wi-Fi, na wakati huo inapaswa kuwa kwenye chaja kwa sababu kazi hiyo inakula betri. Kwa mtu mwenye Wi-Fi ya nyumbani si tatizo. Kwa aliyezoea bando la simu, inabidi awashe hotspoti na kuiacha saa ichukue nyimbo taratibu, na hapo wengi hukwama bila kujua sababu: saa nyingi za mbio huona Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, wakati simu mpya hupenda kurusha hotspoti ya gigahezi 5. Saa inatafuta, haioni kitu, na mwenye saa anadhani imeharibika. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu na kuchagua gigahezi 2.4.

Hata ukifaulu, nyimbo hizo si zako. Malipo yakikatika, zinanyamaza. Spotify pia hutaka kifaa kiingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30 ili kuthibitisha kwamba bado unalipa, na saa isiyo na laini wala simu karibu ndiyo kifaa chepesi zaidi kusahauliwa katika uthibitisho huo. Ndiyo maana namshauri kila anayeniuliza aweke faili zake mwenyewe: nyimbo alizonunua, au alizozitoa kwenye CD zake. Unachomeka saa kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji, unafungua programu ya Garmin Express, unachagua `Music`, unaonyesha folda, unasubiri. Saa hizi hupokea data polepole, kwa hiyo usianze kazi hiyo dakika kumi kabla ya kutoka. Zikishaingia, zimeingia. Hazidai bando, hazidai mtandao, hazidai malipo ya mwezi.

Watu hujisumbua mno na ukubwa wa hifadhi. Ile hesabu ya nyimbo 500 inayotangazwa inatokana na wimbo wa dakika nne uliohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, ambao una uzito wa karibu megabaiti 4. Ukichukua wimbo huohuo kwa kilobiti 320, unafika megabaiti 9.6, na nyimbo 500 zinageuka 200 na ushei. Wapenzi wa dansi la zamani, la Msondo au Sikinde, ambako wimbo unaweza kupita dakika nane kabla gitaa halijatulia, idadi yao inapungua tena kwa nusu. Lakini tazama unachohitaji kweli. Mkimbiaji wa nusu marathoni anayemaliza kwa saa mbili na robo anahitaji dakika 135 za muziki. Kwa kilobiti 128 hizo ni megabaiti 130 tu. Hifadhi ya gigabaiti 2 inabeba hayo zaidi ya mara kumi na tano. Na kwenye upepo, magari na pumzi yako mwenyewe, sikio halitakudai kilobiti 320.

Kinachosumbua zaidi ni majina. Nyimbo nyingi tulizonazo kwenye kompyuta zimepita mikono mingi, na lebo zilizoandikwa ndani ya faili ni tupu au zina jina la tovuti badala ya msanii. Saa haijali jina la folda wala jina ulilobandika nje ya faili. Inasoma lebo za ndani, na isipozikuta inarundika kila kitu kwenye msanii asiyejulikana. Mtu anajikuta barabarani akibonyeza vitufe na vidole vyenye jasho akitafuta wimbo mmoja. Tumia programu ya bure kama Mp3tag kabla ya kuhamisha. Zipe nyimbo zote za mazoezi jina moja la albamu na uzipe namba kwa mpangilio unaotaka, mfano:

```
Album: Mbio Jumapili
Track: 01, 02, 03 ...
```

Ukifika barabarani unafungua albamu hiyo moja, unabonyeza kucheza, na mkono hauendi tena kwenye saa. Mpangilio huo unaweza kuufuata mwendo: nyimbo za taratibu kwa kilomita mbili za kupasha mwili, kisha zile ambazo sebene lake linaanza mapema, na za mwisho zile unazozihitaji miguu ikianza kulalamika. Wanaobadilisha mpangilio kila wiki wanapoteza faida moja kubwa: ukiuzoea, wimbo wa saba unakuambia umefika wapi hata kabla hujatazama kioo.

Sasa nusu mita.

Dada mmoja wa klabu yetu ya mbio hapa Dar es Salaam alikuwa na saa nzuri, Forerunner 245 Music, na vipokea sauti vidogo visivyo na waya, jozi ya zamani kidogo. Nyumbani kwake kila kitu kiliimba vizuri. Alipika, alifua, alitembea kutoka chumba hadi chumba, saa ikiwa mkononi, hakuna hata herufi ya wimbo iliyokatika. Akienda kukimbia kwenye Daraja la Tanzanite, lile linalopita juu ya bahari kwa zaidi kidogo ya kilomita moja kuelekea Koko Bichi, muziki unakatakata kila hatua. Akashawishika kwamba vipokea sauti vimekufa. Akataka kununua vingine.

«Kaka, mbona nyumbani vinaimba?» aliniuliza, na swali lake lilikuwa na jibu ndani yake. Vinaimba nyumbani kwa sababu kuna nyumba.

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, jirani kabisa na yale yanayopasha chakula kwenye maikrowevu. Mawimbi ya eneo hilo hupoteza nguvu yakipita kwenye kitu chenye maji mengi, na mwili wa mtu mzima ni maji kwa zaidi ya nusu. Urefu wa wimbi lenyewe ni kama sentimita 12, mfupi ukilinganisha na kifua cha mtu, kwa hiyo haliwezi kukizunguka kirahisi na kutokea upande wa pili. Ndani ya nyumba halihitaji kukizunguka. Linatoka kwenye saa, linagonga ukuta, linagonga dari, linarudi na kufika sikioni kwa njia nyingine. Darajani hakuna ukuta wala dari. Kuna anga upande huu na bahari upande ule, na wimbi lililozuiwa na kifua halina mahali pa kugonga ili lirudi kwa nguvu ya kutosha. Ndiyo maana uwanja wa mpira ulio wazi, ufukwe na daraja ndivyo vinavyoumbua muunganisho dhaifu, na sebule huuficha. Anayejaribu vipokea sauti dukani au chumbani hajajaribu kitu.

Jambo la pili liko kwenye vipokea sauti vyenyewe. Katika jozi nyingi za zamani, na baadhi ya zile za bei nafuu mpaka leo, si vyote viwili vinavyoongea na saa. Kimoja ndicho kinachopokea muziki, kisha kinamrushia mwenzake. Kama kinachopokea kiko sikio la kulia na wewe, kama watu wengi, unavaa saa mkono wa kushoto, wimbo unalazimika kukikata kifua chako kwa mshazari. Ukikimbia, kiwiko kimekunjwa na mkono unakwenda mbele na nyuma. Kiganja kikiwa mbele ya kifua, njia iko wazi kiasi. Kikienda nyuma ya nyonga, mwili wote unasimama katikati. Vipokea sauti huweka akiba ya muziki kidogo, sehemu ndogo ya sekunde, ili kuficha mapengo kama hayo. Mkimbiaji anayepiga hatua 170 kwa dakika anapeleka kila mkono nyuma mara 85 katika dakika hiyo. Pengo likizidi akiba, unasikia kukatika, na kunarudi kwa mdundo wa mkono.

Tulisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu ya daraja, muziki ukicheza, akavua saa na kuishika. Aliiweka nyonga ya kushoto, kwa nyuma: ikakatika. Akaipeleka nyonga ya kulia, kwa nyuma vilevile: ikaimba. Tukarudia mara kadhaa ili tusidanganywe na bahati, na jibu likawa lilelile. Kisha nikamwomba avue kipokea sauti cha kulia na kukirudisha kwenye kikasha chake. Cha kushoto kikanyamaza. Akakirudisha cha kulia, akavua cha kushoto: cha kulia kikaendelea kuimba peke yake. Hapo hapakuwa na ubishi tena. Anayepokea alikuwa wa kulia. Akahamishia saa mkono wa kulia, akakimbia kwenda Koko na kurudi, na muziki ukakatika mara chache tu, alipokuwa akijipinda kutazama magari.

Zile chache zilizobaki zilikuwa na sababu nyingine. Alikuwa amebadilisha mkanda wa saa na kuweka wa chuma, wa kupendezea ofisini. Maelekezo ya Garmin yenyewe yanasema kwamba ukisikia kukatika, vaa saa upande ulio na antena ya vipokea sauti, na kama mkanda ni wa chuma au ngozi, jaribu wa silikoni. Akarudisha mkanda wake wa awali. Ikabaki kazi ndogo ya kuiambia saa, kwenye mipangilio, kwamba sasa inavaliwa mkono wa kulia, na kuzoea vitufe vilivyogeukia upande mwingine. Hakununua kitu.

Nalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu naona fedha nyingi zinapotea hapa. Mtu anasikia kukatika, anauza vipokea sauti kwa hasara, ananunua vya gharama zaidi, na vikiwa na mpokeaji upande uleule tatizo linabaki. Jozi mpya zaidi zimepiga hatua, kwani nyingi zinaruhusu kila kimoja kupokea chenyewe au kubadilishana zamu, na zamu ikihama kwenda sikio lililo upande wa saa tatizo linapungua sana. Lakini saa ndogo, yenye betri ndogo, iliyozungukwa na mfupa na nyama, itabaki kuwa mrushaji dhaifu kuliko simu, na mwili utabaki kuwa maji. Jaribio la nyongani kwenye uwanja wazi linachukua dakika tano na halina gharama.

Kukatika kwenyewe si kwa aina moja, na sikio lililotulia linaweza kutofautisha. Kule kunakofuata mdundo wa mkono ni kwa mwili, kama nilivyoeleza. Kunakokuja ovyo, mara hakuna kwa kilomita tatu, mara muziki unavurugika kwa sekunde kadhaa unapopita kundi la watu au majengo, mara nyingi ni msongamano. Bluetooth imegawa eneo lake katika chaneli 79 na hurukaruka kati yake mara 1,600 kwa sekunde ikizikwepa zilizojaa, lakini kwenye mstari wa kuanzia mbio kubwa, wakimbiaji mia kadhaa wamebanana, kila mmoja na saa yake na vipokea sauti vyake, chaneli safi ni chache. Hapo usivue wala usirekebishe chochote. Kundi likishatawanyika, muziki unarudi wenyewe. Na kuna kukatika kwa tatu, kule kunakotokea sekunde ileile ya wimbo uleule kila siku. Hilo si suala la mawimbi, faili imeharibika. Ifute, iweke upya.

Wapo wanaojaribu kutibu kukatika kwa kupunguza ubora wa nyimbo, wakiamini kwamba faili ndogo inapita kwa urahisi zaidi angani. Kwa kawaida haisaidii. Saa hufungua faili na kuufinya upya muziki kwa njia ya Bluetooth kabla ya kuurusha, kwa hiyo kilobiti 128 na 320 zinatoka kwenye saa zikiwa na uzito ule ule. Faili ndogo inakuokolea nafasi tu.

Kuna usumbufu mwingine unaofanana na kukatika lakini hutokea kabla hata hujavuka geti. Vipokea sauti vina kumbukumbu, na vinamkumbuka aliyeviita mara ya mwisho. Ukivitoa kwenye kikasha chumbani, simu iliyo juu ya meza inavidaka kabla saa haijaamka. Saa inaandika kwamba inatafuta, inatafuta, haipati. Unatoka nje ukiwa na hasira, na ukishafika mbali na simu, vipokea sauti vinabaki vimepigwa na butwaa vikisubiri mwenyewe arudi. Zima Bluetooth ya simu usiku, kabla ya kulala. Au toa vipokea sauti kwenye kikasha ukiwa tayari barabarani. Mazoea yangu ni kuanzisha muziki kwanza, nisikie wimbo wa kwanza masikio yote mawili, ndipo niamuru saa itafute setilaiti za GPS. Nikigeuza mpangilio huo, nasimama nikihangaika na muziki huku saa ikihesabu dakika za mbio ambazo sikimbii.

Betri ndilo jambo ambalo matangazo hulisema kwa herufi ndogo. Saa ile ya dada, ikiwa mpya, Garmin waliahidi hadi saa 24 za kurekodi kwa GPS bila muziki. Ukiwasha muziki, ahadi inashuka hadi saa 6. Kupokea mawimbi ya setilaiti na kurusha muziki kwa wakati mmoja ni kazi nzito kwa betri ya ukubwa ule. Kwa nusu marathoni saa 6 ni nyingi. Kwa marathoni nzima ya mtu wa saa tano, na saa iliyokwisha kutumika kwa miaka kadhaa, ambayo betri yake haishiki tena kama mwanzo, hesabu inakaribia ukingo. Kwa wanaokwenda Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon kilomita 42, ninawaambia waanze kilomita 21 za kwanza bila muziki. Watu wengi wapo barabarani, kelele zipo, na mwili bado unasikiliza. Muziki una kazi yake baadaye, watu wakiwa wametawanyika. Saa ikizima katikati unapoteza vyote viwili, wimbo na rekodi ya mbio, na wengi huumizwa zaidi na ile ya pili.

Anayewania nafasi, kwa upande mwingine, asome kanuni za mbio husika kabla ya siku yenyewe. Kanuni za ufundi za Shirikisho la Riadha Duniani zinahesabu redio, simu na vifaa vinavyofanana navyo kuwa msaada usioruhusiwa ndani ya eneo la mashindano. Mbio za barabarani zenye maelfu ya watu huwaachia wakimbiaji wa kawaida wavae, lakini mwenye kutafuta zawadi ya fedha hana sababu ya kujiweka kwenye mikono ya mwamuzi.

Barabara zetu zinadai sikio moja liwe huru. Bodaboda inayokuja upande usio wake haipigi honi mara mbili. Hapa jaribio la nyongani linakupa faida ya ziada: ukishajua sikio lipi linapokea, unaweza kukimbia na hicho kimoja tu, upande wa saa, na sikio la pili ukaliacha liisikilize barabara. Mawimbi yana njia fupi, cha pili kinabaki kwenye kikasha kikichaji, na ukifika nusu ya safari ndefu unaweza hata kubadilisha kama vyako vinaruhusu kila kimoja kufanya kazi peke yake. Unapoteza stirio, ambayo kwa kilomita ya kumi na tano sijawahi kuisikitikia. Ukimbie upande wa kulia wa barabara, ukiyatazama magari yanayokuja, maana kwetu magari hupita kushoto. Lakini mgongoni huna macho, na pikipiki inayolipita gari jingine kwa nguvu inatokea huko.

Kuna kitu kimoja ambacho kuacha simu kunakuondolea na ambacho saa haitakueleza. Saa nyingi za mbio zina huduma ya kuwaonyesha ndugu mahali ulipo, na ya kuwatumia ujumbe ukianguka. Kwenye saa isiyo na laini yake, huduma hizo zote hupitia kwenye simu. Simu ikibaki nyumbani, saa inaendelea kuonyesha alama zake kama kawaida, lakini hakuna ujumbe utakaotoka. Saa zenye laini zipo, Apple walianza nazo mwaka 2017, ila kabla ya kulipa tofauti ya bei muulize mtoa huduma wako kama anaiunganisha laini ya saa na namba yako, na usikubali jibu la jumla. Kwa saa isiyo na laini, mwambie mtu wa nyumbani unapita njia gani na unategemea kurudi saa ngapi. Mfukoni weka noti ya kukurudisha kwa bajaji, na karatasi ndani ya kifuko cha plastiki yenye jina lako, kundi la damu kama unalijua, na namba za watu wawili: mmoja wa nyumbani, na mwingine anayepokea simu hata namba asiyoijua ikimpigia saa kumi na mbili asubuhi.